Baketi zilizofungwa zilivyomwagwa: kisa cha Capital One

"Kama mafaili yetu yako kwenye seva za Amazon, yakivuja mbona tunalaumiwa sisi na si wao?"

Kwa sababu wajibu umegawanywa. Amazon analinda majengo, mitambo na programu zinazoendesha huduma. Nani afungue faili gani anaamua mteja, maana Amazon hawezi kujua nani ni mhasibu wako na nani ni mpita njia.

Benki ya Capital One ya Marekani iliyaona hayo mwaka 2019. Wengi hudhani baketi zake za S3, yaani maghala yake ya mafaili, ziliachwa wazi kwa umma. Hapana, zilikuwa zimefungwa. Tatizo lilianzia kwenye ukuta wa kinga unaochuja maombi yanayotoka mtandaoni. Ulikuwa umepangwa vibaya, hivyo mtu wa nje aliweza kuutuma ukamwulizie jambo kwenye anwani 169.254.169.254, ambayo hufikika kutoka ndani ya mashine tu. Anwani hiyo ndiyo huipa mashine funguo za muda za jukumu lake la IAM, yaani utambulisho wenye orodha ya ruhusa. Ukuta ukaleta funguo, ukamkabidhi.

Kufikia hapo hasara ingeweza kuwa ndogo. Lakini jukumu la ukuta huo liliruhusiwa kuorodhesha baketi na kusoma yaliyomo, kazi isiyohusiana kabisa na kuchuja maombi. Taarifa za watu wapatao milioni 106 wa Marekani na Kanada zikachukuliwa. Usimbaji nao haukusaidia, kwa kuwa mwenye funguo halali husomewa faili likiwa limeshafumbuliwa. Kwa mitambo ya Amazon, aliyekuwa anaomba ni mtumishi wa benki. Mwaka 2020 mdhibiti wa mabenki aliitoza Capital One faini ya dola milioni 80.

Ruhusa pana huandikwa hivi:

```json
{"Effect": "Allow",
 "Action": "s3:*",
 "Resource": "*"}
```

Nyota hizo mbili huwekwa na fundi mwenye haraka, na hakuna anayerudi kuziondoa kwa sababu kila kitu kinafanya kazi. Kama ukuta unahitaji tu kuhifadhi kumbukumbu zake, hii inatosha:

```json
{"Effect": "Allow",
 "Action": "s3:PutObject",
 "Resource": "arn:aws:s3:::kumbukumbu-za-ukuta/*"}
```

Novemba 2019 Amazon alileta IMDSv2, toleo jipya la huduma ya anwani ile ya ndani, linalodai tokeni kabla ya kutoa funguo. Kwenye mashine za zamani, mteja mwenyewe ndiye huilazimisha kwa kuweka `HttpTokens` iwe `required`.

Dalili ya wizi wa aina hii huonekana CloudTrail, daftari la Amazon linaloandika maombi yanayofanywa kwenye akaunti: jukumu ambalo halijawahi kuita `ListBuckets` linaiita ghafla, tena kutoka anwani ya nje. Ila usomaji wa faili mojamoja, `GetObject`, hauandikwi humo mpaka uuwashe na kuulipia. Wengi hugundua hilo siku ya uchunguzi, wakitaka kujua ni mafaili gani hasa yaliyochukuliwa.