Kituo cha kudumu cha biashara: ni lini kampuni ya kigeni inaanza kudaiwa kodi ya mapato?

Kampuni inaweza kuuza bidhaa katika nchi ya watu kwa miaka kumi isidaiwe hata senti ya kodi ya mapato pale. Nyingine inaingia kwa siku chache tu, nayo inadaiwa. Wengi wanaposikia hivyo hudhani kuna upendeleo. Jibu liko katika dhana moja iitwayo kituo cha kudumu cha biashara, na dhana hiyo haiulizi umeuza kiasi gani. Inauliza umeshika wapi, na kwa nguvu gani.

Mikataba mingi kati ya nchi na nchi ya kuepuka kutoza kodi mara mbili inafuata moja ya vielelezo viwili vya mkataba, cha OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi zilizoendelea, au cha Umoja wa Mataifa. Katika vyote viwili Kifungu cha 7 kinasema faida ya biashara inatozwa kodi na nchi ya nyumbani ya kampuni, isipokuwa kampuni hiyo inafanya biashara katika nchi nyingine kupitia kituo cha kudumu kilichopo huko. Kifungu cha 5 ndicho kinachoeleza kituo hicho ni nini: mahali maalumu pa biashara ambapo shughuli za kampuni zinafanyika, zote au sehemu yake. Ofisi, tawi, kiwanda, karakana na mgodi vimetajwa kwa majina.

Kwa hiyo pawepo mahali, pawe na uthabiti fulani, na biashara ya kampuni ifanyike kupitia hapo. Neno "kudumu" ndilo linalopotosha watu, maana wanadhani ni lazima kuwe na jengo na mkataba wa pango wa miaka. Kinachopimwa zaidi ni kama mahali hapo pako mikononi mwa kampuni. Mwuzaji anayemtembelea mteja kila wiki ofisini kwake ili kuchukua oda hajapata kituo pale, hata akienda miaka mitano. Ile ofisi ni ya mteja, yeye ni mgeni anayekaribishwa na kuondoka.

Hukumu inayoonyesha jambo hili vizuri kuliko zote ninazozijua ilitolewa na Mahakama ya Juu ya India mwezi Aprili 2017. Kampuni ya Kiingereza inayomiliki haki za kibiashara za mashindano ya magari ya Formula One iliingia mkataba mwaka 2011 na kampuni ya India iliyokuwa na uwanja wa Buddh. Wahindi wangeandaa mbio na kulipa ada ya dola milioni 40. Waingereza walijitetea kwamba mbio ni siku tatu tu kwa mwaka, uwanja si wao, na mwandaaji ni mwenyeji. Siku tatu zitaitwaje kudumu?

Mahakama haikuanzia kwenye kalenda. Ilitazama nani alikuwa na amri juu ya uwanja wakati wa mbio, ikasoma mikataba yote kwa pamoja badala ya kuichambua mmoja mmoja. Ikaonekana kwamba haki za matangazo, picha za televisheni na huduma za wageni mashuhuri zilirudi kwa kampuni ndugu za yule Mwingereza. Watu wake walikuwa na ruhusa ya kuingia uwanjani kabla ya mbio na baada yake, na wakati wa tukio wao ndio waliokuwa na usukani. Uwanja ulikuwa mahali maalumu, biashara iliyofanyika pale ilikuwa yao, na muda wa siku chache ulilingana na aina ya biashara yenyewe, kwa kuwa mbio za magari haziendeshwi mwaka mzima. Kituo kilikuwepo. Hata hivyo mahakama haikusema dola zote milioni 40 zitozwe kodi; ni ile sehemu tu inayotokana na kituo.

Kwenye ujenzi na ufungaji wa mitambo, kalenda ndiyo inayoamua. Kielelezo cha OECD kinataka kazi izidi miezi 12, cha Umoja wa Mataifa kinataka izidi miezi sita. Tofauti hiyo ndiyo inayogombewa zaidi nchi zinapojadiliana, na kwa maoni yangu nchi inayopokea wakandarasi wengi kuliko inaowatuma haina sababu ya kukubali miezi 12 kirahisi.

Chukua mkandarasi wa kigeni anayefunga mtambo. Amefungua ofisi ya eneo la kazi tarehe 1 Februari, akakabidhi kazi tarehe 20 Agosti. Katikati, mvua ilisimamisha kazi kwa wiki sita. Mhasibu wake anaondoa wiki hizo na kupata muda usiofika miezi sita. Hesabu hiyo haitapita. Maelezo ya vielelezo yote mawili yanahesabu tangu mkandarasi anapoanza kazi, maandalizi yakiwemo, na vipindi vya kusimama kwa muda kwa sababu ya hali ya hewa au uhaba wa vifaa vinabaki ndani ya hesabu. Hivyo ni miezi sita na siku ishirini. Chini ya mkataba wa miezi sita ana kituo, chini ya ule wa miezi 12 hana. Wakaguzi hawategemei tarehe ya mkataba wa kazi peke yake. Wanaweza kuomba daftari la eneo la kazi, vibali vya kuingia nchini na hati za kupokea vifaa, na hapo ndipo tarehe halisi huonekana.

Akishakuwa na kituo, anadaiwa kwa kiasi gani? Tuseme mtambo wenyewe umetengenezwa kwao na kuuzwa kwa dola milioni 3, na kazi ya kuufunga imelipwa dola 600,000 kando. Gharama za ufungaji ni dola 450,000. Kituo kimefanya ufungaji, hakikutengeneza mtambo, basi kwa kawaida faida yake ni dola 150,000. Kama kodi ya kampuni ni asilimia 30, deni ni dola 45,000. Ndiyo maana bei ya mtambo na bei ya ufungaji huchunguzwa sana: ukishusha ya pili na kupandisha ya kwanza, faida inahama nchi bila mtu yeyote kuhama.

Kuna njia nyingine ambayo haihitaji mahali kabisa, nayo ni wakala. Mtu anayefunga mikataba mara kwa mara kwa niaba ya kampuni ya kigeni anaweza kuwa kituo chake. Zamani kampuni zilikwepa kwa kumfanya wakala auze kwa jina lake mwenyewe. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Norwei iliamua kwamba kampuni ya kompyuta ya Dell ya Ayalandi haikuwa na kituo huko, kwa sababu mikataba ya mauzo ilimfunga kisheria wakala pekee. Kielelezo cha OECD cha 2017 kiliziba pengo hilo. Sasa inatosha wakala awe ndiye anayefanya kazi kubwa inayoleta mkataba, ambao kampuni huupitisha kwa kawaida bila kuubadili kwa maana. Maneno hayo hayaingii yenyewe katika mikataba ya zamani, kwa hiyo usiulize tu wakala anafanya nini. Fungua mkataba wa nchi hizo mbili usome Kifungu cha 5 kilivyoandikwa humo. Na pasipo mkataba, sheria ya ndani ya nchi ndiyo inayotumika, ambayo mara nyingi inashika mapema zaidi.