Chembe za damu kubwa bila upungufu wa damu

Tuchukue mfano wa dereva wa lori wa Arua, miaka 46, anayepimwa damu kabla ya upasuaji wa ngiri. Hemoglobini yake ni gramu 14.6 kwa desilita, haina kasoro. Ila karatasi ya maabara inaonyesha MCV 106. Hicho ni kipimo cha ukubwa wa chembe nyekundu, na kwa mtu mzima kwa kawaida huwa kati ya 80 na 100. Anaambiwa amepungukiwa vitamini, anachomwa sindano za B12. Mwezi mmoja baadaye MCV iko palepale.

Hakuna aliyemuuliza kuhusu waragi, naye huinywa karibu kila jioni. Pombe huathiri uboho moja kwa moja, hata vitamini zikiwa tele, na chembe zikatoka kubwa. Katika darubini huonekana za mviringo, na MCV mara nyingi haivuki 110. Anayekosa B12 au foleti huwa na sura nyingine: chembe nyekundu zimechongoka kama yai, na chembe nyeupe zina kiini kilichogawanyika vipande vitano au zaidi. MCV yake aghalabu hupanda kuliko hapo, na ulimi huweza kuwa mwekundu na kuuma.

Hata hivyo, hemoglobini nzuri haiondoi shaka ya B12. Mishipa ya fahamu inaweza kuharibika kabla damu haijapungua. Mwenye ganzi miguuni apimwe B12, hata kama ni mnywaji, na asipewe foleti peke yake: damu itapendeza huku mishipa ikizidi kuumia.

Kabla ya kulaumu pombe, tunauliza dawa. Zidovudini ya virusi vya UKIMWI na haidroksiyurea ya selimundu hupandisha MCV kwa wengi wanaozitumia. Kwa haidroksiyurea, kupanda huko hata hutusaidia kujua kwamba mgonjwa anameza dawa. Usiache dawa kwa sababu ya namba hii. Mwenye uchovu, baridi isiyoisha na uzito unaoongezeka apimwe TSH, kwani tezi ya thairoidi iliyolegea nayo hufanya hivi. Ini likiugua, mafuta hurundikana kwenye utando wa chembe na kuupanua. Kwa mnywaji, vipimo vya ini ni vya lazima.

Dereva wetu akiacha pombe, asitegemee mabadiliko wiki ijayo. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, basi MCV irudiwe baada ya miezi mitatu au minne. Anayekunywa sana kila siku asiache ghafla bila mhudumu wa afya, maana anaweza kupata degedege. Ikiwa MCV haishuki, au hemoglobini, chembe nyeupe au chembe sahani zinaanza kupungua, hasa kwa mzee, apelekwe kwa daktari bingwa wa damu akachunguzwe uboho.