Ser au estar? Kivumishi kimoja, maana mbili

Ndizi ambayo haijaiva tunaiita mbichi, na ukuta uliopakwa rangi ya majani tunauita wa kijani. Mhispania vyote viwili anaviita verde, kisha anakiachia kitenzi kazi ya kutofautisha. Pale sisi tunapobadilisha kivumishi, yeye hubadilisha kitenzi. Jaribu kujaza:

Las paredes ___ verdes.
Estos plátanos ___ verdes. Espera dos días.

Kwenye kuta ni *son*, kwa kuwa unataja rangi yake. Kwenye ndizi ni *están*: bado hazijafikia kuiva, na hizo siku mbili za kusubiri ndizo zinazokupa jibu. Hapa neno letu "ni" hudanganya, maana tunasema "ndizi hizi ni mbichi" na mkono unakimbilia *son*.

Wengi hufundishwa kwamba ser ni ya mambo ya kudumu na estar ni ya mambo ya kupita. Kanuni hiyo inakwama kwenye sentensi hii:

Mi abuelo ___ muerto.

Jibu ni *está*, ingawa hakuna hali inayodumu kuliko hiyo. Afadhali ujiulize: ninasema kitu hiki ni cha namna gani (ser), au kimefikia hali gani (estar)? Ukiona Kiswahili chako kinataka -me-, kama amekufa au ameharibika, mara nyingi estar ndiyo inayotakiwa.

El pescado ___ malo, huele mal.

*Está*. Samaki ameharibika, na harufu ndiyo shahidi. Kwa mtu, *está malo* ni anaumwa, ila *es malo* ni mtu mbaya.

La película ___ aburrida, y nosotros ___ aburridos.

*Es*, kisha *estamos*. Filamu ndiyo inayoboa, sisi ndio tulioboeka. Ukisema *somos aburridos* umejitukana: sisi ni watu wa kuchosha.

Mi tío ___ rico. Tiene tres hoteles.
La sopa ___ muy rica.

Mjomba *es*, ni tajiri. Supu *está*, ni tamu, na anayesema hivyo kwa kawaida ameshaionja.

Ana ___ muy lista: aprendió a leer sola.
¿___ lista, Ana? El taxi ya llegó.

Kwanza *es*, mwerevu, kwani alijifunza kusoma peke yake. Pili *estás*, uko tayari, maana teksi imefika. Hapa "ni" na "uko" zinakuongoza vizuri.

Angalia kwamba kila jibu limetoka kwenye maneno ya pembeni. Sentensi kama *Juan ___ aburrido*, bila kingine, inakubali vitenzi vyote viwili; mtunga zoezi ndiye aliyekosea.

Na bueno? Supu ikiwa *buena* kwa estar, ni tamu. Ila ukitaka kumsifu dada wa rafiki yako kwa wema, sema *es buena*. *Está buena* ni kusifia umbo lake, tena kwa lugha ya kijiweni.