Pendo alijuaje siri ambayo hajaambiwa?

Je, mtu anayeandika riwaya kidogo kidogo kwa miezi mingi anawezaje kukumbuka kila kitu kuhusu wahusika wake bila kujikanganya?

Hakumbuki. Anakuwa na hati ya pembeni, ile ambayo waandishi wa tamthilia za televisheni huiita biblia ya hadithi, na humo anaandika mambo yote ambayo yameshatokea kwenye kurasa. Bila hati ya namna hiyo hata bingwa huteleza. Arthur Conan Doyle alimpa Daktari Watson jeraha la risasi begani katika riwaya ya kwanza ya Sherlock Holmes, ya mwaka 1887. Kwenye riwaya ya pili, ya 1890, jeraha likawa mguuni.

Ila jeraha ni kosa jepesi. Ukiwa na kompyuta unatafuta neno "jeraha" kwenye faili na kila mahali linapotajwa panajitokeza. Kosa linalosumbua kweli ni la nani anajua nini, na amelijua lini. Hilo halitafutiki.

Tuseme unaandika hadithi ya Pendo na kaka yake Bakari. Katika sura ya 4 Bakari anauza shamba la marehemu baba yao kwa siri. Sura ya 9, pale Pendo anapoikuta karatasi ya mauzo, ilikujia mapema ukaiandika kabla ya wakati wake. Wiki tatu baadaye unarudi nyuma kuandika sura ya 7. Ndugu hao wanagombana kwa jambo dogo tu, na Pendo anafoka: "Na wewe una mdomo wa kusema, kwa ulichotufanyia?" Sentensi tamu. Tatizo ni kwamba Pendo bado hajui lolote. Wewe ndiye unayejua, kwa hiyo kila ukiisoma unaiona iko sawa. Na neno "shamba" halimo, hivyo kompyuta haikusaidii.

Dawa yake ni jedwali dogo. Kila siri ina mstari wake, kila mhusika ana safu yake, na kwenye kisanduku unaweka namba ya sura ambamo mhusika huyo aliambiwa au aligundua. Kwenye mstari wa "shamba limeuzwa", Bakari ana 4, mama ana 5, Pendo ana 9. Kabla ya kuandika onyesho lolote unatazama waliomo: aliye na namba kubwa kuliko sura unayoiandika, au aliye na kisanduku kitupu, hajui.

Linalofuata kwa usumbufu ni muda. Wiki tatu ulizokaa bila kuandika huingia kwenye hadithi bila wewe kujua: unaandika "siku nyingi zimepita tangu mazishi" kumbe kwenye hadithi ni juzi tu. Kwa hiyo kila sura iwe na tarehe yake ya ndani ya hadithi, hata kama msomaji hataiona kamwe. Umri pia usiuandike kama umri. Andika mwaka wa kuzaliwa, ukihitaji umri utoe hesabu.

Kadi ya mhusika iwe fupi, na kila jambo libebe namba ya sura:

Pendo. Kazaliwa 1994 (sura 1). Kovu la moto, mkono wa kushoto (3). Humwita Bakari "kaka", akikasirika humwita kwa jina (2, 6).

Mstari huo wa mwisho una thamani kuliko kuandika "Pendo ni mkali". Sauti ya mhusika hupotea upesi kuliko mwonekano wake, na kinachoirudisha ni maneno yake mwenyewe. Mimi hunakili sentensi mbili tatu alizokwisha kusema na kuzibandika chini ya kadi.

Wengi huiharibu hati hii kwa kuchanganya yaliyoandikwa na yaliyopangwa. Mpango kwamba mama atafariki sura ya 12 ukae ukurasa mwingine kabisa, la sivyo siku moja utauchukua kama jambo lililotokea. Wengine hujaza maswali mia kuhusu mhusika kabla hata hajatamka neno, kisha hati inakuwa nzito kiasi kwamba haifunguliwi tena. Dakika kumi mwisho wa kila kikao zinatosha: jaza mapya ya leo, halafu andika kila mtu umemwacha wapi, saa ngapi, ameshika nini.

Turudi kwa Pendo. Jedwali linaonyesha kuna mgongano, lakini halikuambii ubadilishe upande gani. Unaweza kuihamishia ile sentensi sura ya 10, ukamaliza. Ama ukaipenda mno kuihamisha, ukaifuta 9 kwenye jedwali na kuweka 6, ikabidi uandike katika sura ya 6 namna alivyogundua. Sasa ile sura ya 9 si ya kugundua tena. Pendo anaishika karatasi aliyokwisha kujua kwamba ipo, na onyesho zima linaandikwa upya.