Kutoka ndita hadi tabasamu: lini usukume pikseli, lini uiache mashine ibuni

Msimu wa harusi ukipamba moto hapa Tanga, kuna ombi ambalo kila studio inalijua. Picha ya ukoo mzima imetoka vizuri, watu wote wanacheka, ila mtu mmoja katikati kakunja uso. Kupiga upya haiwezekani, wageni wa Pemba wameshapanda boti. Mteja anasema, "Kaka, mfanye mama atabasamu kidogo." Kazi hiyo ina njia mbili: kusukuma pikseli zilizopo kwa Liquify ya Photoshop, au kuiachia akili unde ibuni upya sehemu ya uso. Wengi siku hizi wanakimbilia ya pili moja kwa moja. Mimi naanza na ya kwanza karibu kila mara, na nitaeleza kwa nini.

Jiulize kwanza: tabasamu unalolitaka litaonyesha meno? Liquify haina inachobuni. Inachukua pikseli za pembe ya mdomo na kuzihamishia juu, basi. Kama mdomo kwenye picha umefungwa, hakuna meno ya kuhamisha. Tabasamu la mdomo uliofungwa liko ndani ya uwezo wake. Kicheko cha meno hakimo, na kulazimisha kunazaa mdomo uliovutwa kama mpira.

Swali la pili ni la mashavu na macho. Mwaka 1862 daktari Mfaransa Duchenne de Boulogne alichapisha kitabu kuhusu misuli ya uso, akionyesha kuwa tabasamu la kweli halifanywi na mdomo peke yake. Msuli mmoja unavuta pembe za mdomo juu na nje kuelekea kwenye mfupa wa shavu. Mwingine, unaozunguka jicho, unainua shavu na kope ya chini. Ukiinua mdomo na kuacha macho yametulia, mtazamaji ataona mtu anayelazimishwa, hata kama hawezi kusema kasoro iko wapi.

Hapo ndipo jua letu linaposaidia bila kukusudia. Chukua picha iliyopigwa ufukweni Raskazone saa tisa alasiri. Mama wa bwana harusi ameelekea jua, kavaa mtandio wenye ukingo wa lesi unaopita karibu na shavu, mdomo umefungwa na pembe zake zimeshuka kidogo. Kati ya nyusi kuna ndita mbili. Ukimtazama kwa karibu utaona hakununa: anakwepa mwanga. Kope za chini zimeshapanda na pembeni mwa macho kuna mikunjo. Nusu ya tabasamu ipo tayari, kinachopingana nayo ni mdomo na zile ndita. Picha ya namna hii ni ya Liquify.

Uso wake kwenye faili una upana wa pikseli 900 hivi, na mdomo kama 300. Nakili leya, kisha chagua Filter > Convert for Smart Filters ili uweze kurudi kurekebisha baadaye. Fungua Filter > Liquify na uchague Face Tool. Kifaa hiki cha kutambua uso kiliingia Photoshop mwaka 2016, na kinafanya kazi vizuri zaidi uso unapoelekea kamera. Uso wa upande mara nyingi hakiutambui, na hapo utabaki na brashi tu.

Kabla ya kugusa chochote, chukua Freeze Mask Tool upake ukingo wote wa mtandio na mstari wa taya. Usiruke hatua hii. Lesi ina mchoro unaojirudia, na mchoro unaojirudia unafichua hata mpindo mdogo. Ukingo wa kofia ya kiua au maandishi ya kanga begani ni hivyo hivyo.

Sasa, kwenye sehemu ya Mouth, peleka Smile hadi 25 au 30. Ukifika 40 mdomo huanza kujipinda kama upinde, kwa sababu kitelezi kinainua pembe lakini katikati ya mdomo inabaki ilipokuwa. Ongeza Mouth Width kidogo, kama 6 au 8, maana tabasamu hutanua mdomo. Punguza Upper Lip mpaka uone mdomo wa juu umekonda kidogo. Mtu akitabasamu mdomo huo hunyooka na kuwa mwembamba, na bila hilo anaonekana amebinua midomo. Kwa mdomo wa pikseli 300, kupanda kwa pembe kwa pikseli 8 hadi 12 kunatosha. Pembe ikipanda zaidi ya hapo, shavu lote lingepaswa kubadilika umbo, na Liquify haitalibadilisha yenyewe.

Kisha chukua Forward Warp Tool, brashi kubwa ya pikseli 250, Pressure 20. Sukuma kila shavu kwenda juu na nje kidogo, mara moja au mbili, ukianzia pembeni mwa pua. Brashi ndogo ni kosa la kawaida: inaacha mawimbi kwenye ngozi ambayo huyaoni ukiwa umeikuza picha, ila kwenye karatasi yanajitokeza. Halafu inua pembe moja ya mdomo kwa pikseli mbili au tatu zaidi ya nyingine. Smile inainua pande zote sawasawa, na nyuso za watu haziko hivyo. Angalia picha nyingine za mama huyo uone upande upi unatangulia anapocheka.

Ukibonyeza OK, bado ndita zipo na vivuli havijahama. Ndita usizifute kabisa. Kwenye leya mpya tumia Healing Brush na Sample ikiwa Current & Below, zisafishe, kisha shusha Opacity ya leya hadi 50 au 60. Mama wa miaka sitini mwenye paji laini kama la binti si mama yule tena. Kwa vivuli, tengeneza leya ya kijivu cha asilimia 50 yenye hali ya Soft Light, upake kwa Dodge na Burn kwa Exposure ya asilimia 5. Kaza kidogo mkunjo unaotoka pembeni mwa pua kwenda pembe ya mdomo, angaza sehemu ya juu ya shavu, na fifisha kile kivuli kilicho chini ya pembe za mdomo. Kivuli hicho ndicho kilichokuwa kinasema "amenuna". Kikibaki, uso utaendelea kusomeka hivyo hata pembe zikiwa juu, na watu watadhani Smile haikutosha na kuiongeza bure.

Sasa tuseme mteja anataka meno yaonekane, au uso una huzuni kuanzia machoni hadi kidevuni. Hapo Generative Fill, iliyoingia Photoshop mwaka 2023, ina nafasi yake. Wengi wanachagua midomo tu, na matokeo yake ni mdomo unaocheka kwenye mashavu yaliyonuna. Chagua kwa Lasso kuanzia chini kidogo ya kope za chini, pitia mashavu yote hadi juu ya kidevu. Kwa uso wa huzuni usiohitaji meno, maelezo yawe mafupi:

```
gentle closed-mouth smile, raised cheeks
```

Matatizo yake ni ya aina nyingine kabisa. Liquify ikikosea, unaona umbo limepinda. Mashine ikikosea, unaona uso mzuri wa mtu mwingine. Meno ndiyo hatari kubwa. Mashine haijui kwamba mama ana mwanya, na kwetu mwanya ni uzuri unaosifiwa. Itampa meno yaliyopangana, meupe, na watoto wake watakataa picha mara moja. Vifinyo vya mashavu vinaweza kupotea au kutokea pasipokuwepo. Ngozi nayo huelekea kulainika, na wakati mwingine inang'aa kuliko shingo; linganisha shavu na shingo kila mara. Kama kweli meno yanahitajika, tafuta picha nyingine ya mtu huyo huyo akicheka, yenye mwanga unaotoka upande uleule, umchukulie meno yake mwenyewe kwa leya na barakoa. Ni kazi ndefu zaidi, ila meno ni yake.

Kuna pia suala la ukubwa. Toleo la kwanza lilizalisha eneo la pikseli kama 1024 kwa 1024, kisha likalitanua kujaza ulichochagua. Eneo likiwa kubwa kuliko hilo, ngozi inatoka laini wakati paji limejaa vinyweleo. Matoleo ya baadaye yameboreka, lakini kipimo ni kilekile: kuza hadi asilimia 100 na utazame paji na shavu pamoja.

Njia ninayoiamini zaidi kwa kazi ngumu inaunganisha zote mbili. Umbo nalitengeneza kwa Liquify, ili pembe za mdomo ziwe pale ninapotaka na mtu abaki yeye. Kisha natumia Stable Diffusion, programu ya akili unde ya kubuni picha, kwenye kompyuta ya studio, sehemu ya inpaint inayochora upya eneo nililolipaka tu, ibuni mikunjo na vivuli tu juu ya umbo hilo. Inpaint area inakuwa Only masked, Masked content inakuwa original, na Denoising strength kati ya 0.25 na 0.35. Namba hii ya mwisho ndiyo moyo wa jambo. Chini ya 0.2 karibu hakuna kinachobadilika. Kuanzia 0.5 mashine inaanza kuacha umbo ulilolipanga na kubuni la kwake, na ukifika 0.7 una mgeni kwenye picha ya ukoo. Only masked padding naiweka 100 au zaidi ili mashine ione macho na mtandio, vinginevyo haijui mwanga unatoka wapi na kivuli cha pua kinageukia upande usio wake. Matokeo yanarudi Photoshop kama leya juu ya kazi ya Liquify, nami kwa barakoa nabakiza mikunjo ya mashavu tu. Midomo yenyewe naacha ile ya Liquify.

Picha za pasi na kitambulisho sizigusi kwa njia yoyote kati ya hizi. Hizo zinamtambulisha mtu, na uso unaotakiwa ni uliotulia.

Kabla ya kukabidhi, geuza picha kushoto kulia na uitazame ikiwa imepunguzwa hadi saizi ya karatasi. Uso ukigeuzwa, jicho linasahau lilichozoea na mdomo uliopanda upande mmoja kupita kiasi unaonekana palepale. Kwa picha ya ukoo ya watu kumi na wawili kwenye karatasi ya inchi 8 kwa 10, uso wa mama hautazidi sentimita mbili, na katika saizi hiyo Liquify na vivuli vinamaliza kazi. Kuunganisha njia zote mbili nakuweka kwa picha ya mtu mmoja itakayotundikwa sebuleni.