Je, wajua kwa nini sekunde tatu za kimya humfanya mtoto mkimya aseme?

"Mwanangu ana miaka sita, yuko Gredi ya Kwanza hapa Mombasa. Nyumbani haishi maneno, shuleni akiulizwa anainamisha kichwa. Kwa nini, na mwalimu afanyeje ili naye afikiri kwa sauti?"

Mara nyingi jibu analo, ila zamu yake hupita kabla hajalitamka. Miaka ya sitini na sabini, mtafiti Mmarekani aliyeitwa Mary Budd Rowe alirekodi vipindi vingi vya sayansi katika shule za msingi, kisha akapima kimya kati ya swali la mwalimu na neno linalofuata. Alikuta kwamba mwalimu wa kawaida husubiri kama sekunde moja tu. Asipojibiwa, hurudia swali, humwita mtoto mwingine au hujijibu mwenyewe. Na mtoto akishajibu, mwalimu hudakia tena ndani ya sekunde hiyohiyo moja.

Sasa hebu mfuate mtoto wa miaka sita ndani ya sekunde hiyo. Kwanza alielewe swali, na pengine limeulizwa kwa Kiingereza ilhali kwao wanasema Kigiriama au Kidigo. Kisha atafute wazo, alitafutie maneno, halafu apate moyo wa kusema mbele ya watoto arobaini. Mtoto mchangamfu huruka hatua hiyo ya mwisho na kuanza kusema kabla hajajua atamalizia wapi. Mkimya huzipitia zote, na akifika mwisho mwalimu keshaenda zake.

Rowe aliwafundisha walimu wasubiri sekunde tatu au zaidi. Majibu ya watoto yakawa marefu mara kadhaa, wale wa kunyamaza au kusema "sijui" wakapungua, na watoto ambao walimu waliwahesabu kuwa wazito wakaanza kuchangia. Sekunde tatu ni muda wa kuvuta pumzi na kuitoa. Ugumu wake ni kwamba katika mazungumzo ya kawaida mtu humjibu mwenzake kwa takriban sehemu moja ya tano ya sekunde, na hivyo ndivyo ilivyo katika lugha nyingi zilizopimwa. Ndiyo maana mwalimu akisimama kimya kwa sekunde tatu huhisi kama amesahau somo.

Mimi nilijiona mwalimu mvumilivu mpaka siku nilipotia simu mfukoni ikirekodi, nikasikiliza dakika kumi za kipindi changu usiku. Nilikuwa nikiuliza, narudia kwa maneno mengine, naongeza kidokezo, namtaja mtoto, vyote kwa mkupuo mmoja. Kila nilipobadili maneno ya swali, mtoto aliyekuwa njiani alirudi mwanzo, kwa sababu kwake hilo lilikuwa swali jipya. Tangu siku hiyo nauliza mara moja, kisha nabonyeza vidole vya mguu ndani ya kiatu, kimoja kimoja, mpaka cha tano. Darasa halioni kitu.

Lakini kimya hakina kazi kama swali lenyewe halina la kufikiriwa. Ukiuliza "Mbili na tatu ni ngapi?" ukangoja sekunde tano, anayejua atachoka na asiyejua ataaibika. Hilo ni swali funge, jibu lake ni moja na ama unalo ama huna. Kusubiri kunafaa swali lililo wazi, ambalo mtoto anaweza kuliingia kwa njia yake. Na hapa pana mtego ambao kwetu ni mkubwa kuliko kwingine: neno "kwa nini". Katika nyumba zetu nyingi mtoto hulisikia neno hilo akiwa na kosa. "Kwa nini umemwaga maziwa?" si swali, ni dalili kwamba kuna kofi njiani. Ukimgeukia mtoto mkimya kwa "Kwa nini?" iliyo kavu, husikia shutuma na kujikunyata. Nimeona ni bora kusema "Hebu nieleze umeona nini" au "Unafikiri itakuwaje?" Kinachoulizwa ni kilekile, ila huogopeshi mtu.

Tazama kipindi kimoja kilivyokwenda. Niliweka beseni kubwa la maji mbele, nikashika nazi yenye makumbi yake mkono mmoja na kokoto mkono wa pili. Ningeweza kuuliza "Nazi itaelea au itazama?" na darasa zima lingeitika kwa kiitikio, nusu hivi na nusu vile, mambo yakaisha. Watoto wetu ni hodari wa kuitikia pamoja, wamezoea hivyo madrasani na shuleni, na ndani ya sauti ya wengi mkimya hujificha vizuri sana. Nikauliza hivi: "Unafikiri itakuwaje nikizitia hizi majini, na ni kitu gani kinakufanya ufikiri hivyo? Mikono chini kwanza."

Hiyo "mikono chini" si ya nidhamu. Bila hiyo, watatu wanaruka wakialisha vidole, "Mimi ticha! Mimi ticha!", na wengine wote wanaacha kufikiri kwa kuwa wanajua swali limeshapata mwenyewe.

Vidole vitano vya mguu. Kisha nikawaambia kila mmoja amweleze jirani yake. Njia hii ya kufikiri peke yako, kuambiana wawili wawili, halafu kushirikisha darasa, ilielezwa na Mmarekani mwingine, Frank Lyman, mwaka 1981, nayo humfaa mkimya kwa sababu wazo lake hupata mazoezi kwa sikio moja kabla ya masikio arobaini. Ndipo nikamtaja mvulana wa dawati la mbele.

"Nazi itazama," akasema.

Hapa ndipo kwenye kimya cha pili, kile cha baada ya jibu, na kwa maoni yangu hiki ndicho chenye mali. Mazoea yangu ya zamani yalikuwa kusema "Vizuri sana! Amesema itazama. Nani mwingine?" Ukisema "vizuri", mtoto huyo anakuwa amemaliza, na wenzake wanajua jibu limepatikana. Ukirudia maneno yake, unawafundisha wasimsikilize mwenzao, kwani ticha atasema tena kwa sauti kubwa zaidi. Siku hiyo niliitikia kwa kichwa tu, nikaendelea kumtazama kwa uso mkunjufu. Kidole cha tatu akaongeza mwenyewe: "Kwa sababu ni nzito."

Nikanyamaza tena. Sauti ikatoka nyuma, haikuitwa na mtu: "Lakini feri ni nzito, na inabeba malori."

Darasa likacheka, maana feri ya Likoni wanaijua wote. Mvulana wa mbele akakunja uso. Nilitamani kusaidia, nikajizuia. Ndipo binti mmoja wa dawati la kando, ambaye tangu muhula uanze sikuwa nimemsikia zaidi ya "hapa" wakati wa kuita majina, akasema akitazama beseni wala si mimi: "Makumbi yana hewa ndani. Kama boya la baba."

Baba yake ni mvuvi. Nazi tukaitia majini ikaelea. Kokoto, dogo kuliko ngumi ya mtoto, likaenda moja kwa moja chini, na mvulana wa mbele ndiye aliyesema, "Hilo halina nafasi ndani." Hewa iliyonaswa katika nyuzi za makumbi huifanya nazi nzima kuwa nyepesi kuliko maji yanayojaa nafasi ileile, na watoto wa miaka sita walikuwa wameukaribia ukweli huo kwa maneno yao. Mimi katika dakika hizo nilisema sentensi zisizofika nne.

Sikufika hapo bila kuumiza. Nilipoanza, niliielewa habari hii kichwachini: nilitaja jina la mtoto kwanza, nikauliza, kisha nikasubiri. Mtoto mmoja akabaki amesimama, darasa zima limemkodolea macho, nami nahesabu kwa moyo wote hadi kumi na zaidi. Machozi yakamtoka. Wiki nzima alikaa nyuma ya mwenzake ili nisimwone. Swali hutangulia, kimya hufuata, jina huja mwisho, ili kimya kiwe cha wote. Na aliyetajwa akikwama, muulize "Mwenzako alikuambia nini?" Kubeba wazo la mwingine ni rahisi kuliko kusimama na lake.

Kimya kinachofanya kazi utakijua kwa macho. Mtoto anayefikiri huangalia juu au hukitazama kitu chenyewe, midomo hucheza, pengine vidole huhesabu. Aliyepotea huwatazama wenzake au huvuta uzi wa sweta. Ukiona wengi wako hivyo, kungoja hakutasaidia. Swali lilikuwa gumu au lugha yake haikueleweka, uliza jingine dogo. Sekunde tatu hadi tano zatosha kwa mengi, zikipita kumi kimya huanza kunuka adhabu. Na mtoto akijibu kwa Kigiriama, mwache amalize. Mtaala wetu wenyewe unaruhusu madarasa ya chini kufundishwa kwa lugha inayotumika eneo la shule, na wazo likishatoka, Kiswahili au Kiingereza chake kitalifuata.

Sasa kuhusu mwanao, mzazi mwenzangu. Kama husema kidogo, au humwambia jirani yake, au hujibu mkiwa wawili, huyo anahitaji nafasi tu, na haya niliyoeleza yatamfaa. Lakini ikiwa hatoi sauti kabisa shuleni, hata akicheza na wenzake, na hali hiyo imezidi mwezi baada ya kuzoea darasa, msiiite aibu. Mpelekeni akapimwe masikio, kisha aonwe na mtaalamu wa watoto. Wapo watoto ambao hofu huwafunga sauti kabisa mahali fulani, na kuwasubiri peke yake hakuwafungui.

Jioni mkiwa mnakula mahamri, usimuulize "Leo mmefundishwa nini?" Hilo jibu lake ni "hakuna kitu". Mpe dafu na nazi kavu, muulize ataonaje zikitiwa ndooni, halafu unyamaze. Wiki moja baada ya lile somo nilileta darasani nazi iliyofuliwa, bila makumbi. Kabla sijafungua mdomo, yule binti wa mvuvi akasema, "Ticha, ngoja kwanza. Tusiambiwe."