Usasaishaji au utegemezi: nadharia mbili mbele ya gunia la korosho

Nadharia hizi mbili zinajibu swali moja: kwa nini nchi fulani ni tajiri na nyingine ni maskini? Nadharia ya usasaishaji inasema nchi maskini imechelewa. Iko nyuma kwenye njia ambayo matajiri walishaipita. Nadharia ya utegemezi inasema nchi hiyo haijachelewa hata kidogo. Imo ndani ya soko la dunia tangu zamani, na umaskini wake umetokana na nafasi iliyopewa humo. Wa kwanza anaikagua nchi yenyewe, anatafuta kinachopungua. Wa pili anakagua uhusiano wa nchi na nchi, anatafuta nani anachukua nini kwa nani.

Usasaishaji ulipata sura yake inayojulikana zaidi mwaka 1960 kwa Walt Rostow, mwanauchumi wa Marekani aliyekuja kuwa mshauri wa marais Kennedy na Johnson. Alizitaja hatua tano: jamii ya jadi, maandalizi, kupaa, kukomaa, na mwisho jamii ambayo watu wa kawaida wananunua magari na majokofu. Hatua ya kupaa ndiyo kiini. Uwekezaji unatoka kwenye kama asilimia 5 ya pato la taifa na kuvuka asilimia 10, kisha uchumi unaanza kujiendesha wenyewe. Ukikubali hivyo, dawa inajulikana: mtaji, mashine, wataalamu na elimu, hata kama vitatoka nje kwa mkopo.

Utegemezi ulianzia Amerika ya Kusini. Mwaka 1949 Raúl Prebisch wa Argentina alionyesha kwamba nchi zinazouza mazao ghafi na kununua bidhaa za viwandani zinapunjwa kidogo kidogo, kwa sababu kadiri miaka inavyokwenda inabidi zitoe mazao mengi zaidi kupata mashine ileile. Miaka ya 1960 mwanauchumi Andre Gunder Frank alikwenda mbali zaidi. Kwake, utajiri husafiri kwa mnyororo: kutoka kijijini kwenda mji mdogo, kutoka mji mdogo kwenda mji mkuu, kutoka hapo kwenda ng'ambo, na kila kiungo kinamnyonya aliye chini yake. Walter Rodney, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliipeleka hoja hiyo kwenye historia ya Afrika mwaka 1972.

Sasa tuzilete Mtwara na Lindi, mikoa ya korosho kusini mwa Tanzania. Mwezi wa saba au wa nane, kabla korosho hazijaanza kuanguka, nyumba nyingi hazina fedha. Anakuja mnunuzi wa kangomba, anatoa hela ya chakula au ya ada, na mkulima anaahidi kulipa kwa korosho msimu ukifika, tena zikipimwa kwa bakuli na si kwa mzani. Msomaji wa Frank anakiona hapo kiungo cha kwanza cha mnyororo unaoishia kwenye pakiti ya korosho zilizobanguliwa dukani Ulaya. Msomaji wa Rostow anaona taasisi zilizokosekana: benki, akiba, mkopo wa msimu, mzani. Ataunga mkono stakabadhi ghalani, mfumo ambao mkulima anapeleka mzigo kwenye Amcos, yaani chama cha ushirika cha wakulima, unapimwa, anapewa stakabadhi, na mzigo unauzwa mnadani. Wote wawili wanamtazama mkulima yuleyule, na kwa kangomba peke yake huwezi kuamua nani mkweli.

Mtihani mzuri zaidi ni viwanda vya kubangua. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 Tanzania ilijenga viwanda vikubwa vya korosho, vingi vyao Kusini, kwa mikopo ikiwemo ya Benki ya Dunia, na mashine kutoka Japani na Italia. Mantiki yake haikuwa na kasoro. Kilo nne hadi tano za korosho ghafi hutoa kilo moja tu ya korosho iliyobanguliwa, na faida kubwa hupatikana hapo katikati, kwa anayebangua. Huo ulikuwa mpango wa usasaishaji kwa kila hali: mtaji wa nje, mashine za kisasa, ajira za kiwandani.

Viwanda vikafa. Mashine zilivunja korosho nyingi, na bei hutofautiana sana kati ya korosho nzima na vipande. India ilibangua kwa mikono ya wafanyakazi, wengi wao wanawake, ikapata nzima nyingi zaidi. Vipuri vilihitaji fedha za kigeni, nazo hazikuwepo. Mtu wa utegemezi atasema: ndiyo hayo, mlinunua mashine kwa bei ya wenye mashine, mkabaki na deni na mabanda matupu. Hoja hiyo ina uzito. Inaonyesha kwamba teknolojia haiji peke yake. Inakuja na madai ya aliyeiuza.

Lakini kuna upande ambao mtu wa utegemezi hapendi kukaa nao. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna kama tani 145,000. Msimu wa 1986/87 zilikuwa zimebaki kama tani 16,500. Viwanda vilikamilika huku zao likizama. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu mbali na mikorosho yao. Bei aliyolipwa mkulima na vyombo vya umma ilikuwa ndogo mno kumfanya apalilie. Ubwiriunga ukashambulia maua, na salfa ya kuupulizia haikufika. Ugonjwa ni wa asili, ila uhamisho na bei viliamuliwa hapa nchini. Ukieleza anguko hili kwa soko la dunia peke yake utakuwa umemfuta mkulima aliyeacha shamba kwa sababu za wazi kabisa.

Halafu kuna Vietnam. Ilikuwa ikiuza korosho ghafi kama sisi. Ikaanza kubangua, na katika miaka ya 2000 ikawa muuzaji mkubwa kuliko wote wa korosho zilizobanguliwa, ikinunua ghafi za Afrika, za Mtwara zikiwemo. Kwa Frank hili ni gumu, maana alidai kwamba nchi ya pembezoni haiwezi kupanda ikiwa bado imefungwa kwenye soko hilohilo. Kwa Rostow nalo si ushindi kamili: Vietnam imepanda, na sehemu ya mzigo uliompandisha ni korosho ambazo Tanzania haikubangua. Ngazi ilikuwa na mtu wa chini.

Nadhani walioikaribia kesi yetu zaidi ni wanasosholojia wa Amerika ya Kusini, Fernando Henrique Cardoso na Enzo Faletto, waliosema mwaka 1969 kwamba utegemezi haufanani kila mahali. Inategemea nani ndani ya nchi ananufaika nao. Hilo linapimika. Serikali hutoza ushuru wa kusafirisha korosho ghafi, kwa nia ya kufanya ubanguaji wa ndani uwe na faida. Ila ushuru huohuo ni mapato, na korosho zote zikibanguliwa hapa mapato hayo yanakwisha. Hadi 2018, kisheria asilimia 65 ya ushuru ilipaswa kurudi kuendeleza zao, pamoja na kugharamia pembejeo. Mwaka huo sheria ilibadilishwa fedha zote ziingie Mfuko Mkuu wa Hazina, na wabunge wa Kusini wakapinga kwa nguvu. Walichokuwa wakipigania ni kiungo cha katikati cha mnyororo wa Frank, kile kinachounganisha mkoa na makao ya serikali, na hakikuhitaji mgeni yeyote kukifunga.